Kutoka Mkatabani Hadi Kwenye Jedwali: Jinsi Meneja wa Saiti Anavyochambua Hatua za Kazi, Nyaraka na Masharti ya Malipo

Meneja wa saiti akikabidhiwa mkataba, mara nyingi hufungua kwanza ratiba ya malipo. Anakuta msingi asilimia 10, slabu ya ghorofa asilimia 15, paa asilimia 20. Anaziandika kwenye Excel, anaweka pembeni tarehe alizozitoa kwenye programu ya kazi, yaani ratiba ya utekelezaji, basi jedwali limekamilika. Jedwali hilo linaeleza lini zege litamwagwa. Lini fedha itaingia halielezi, kwa sababu kati ya zege na fedha kuna ukaguzi wa mtu mwingine, karatasi ya maabara, barua ya dai, sahihi ya msimamizi, na siku zinazoanza kuhesabiwa kwa tukio ambalo pengine hakuna aliyeliandika tarehe yake.

Nitaeleza hapa namna ya kuusoma mkataba hadi upate mnyororo huo wote, kisha uuweke kwenye jedwali linalojihesabu lenyewe. Nitatumia mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ni jengo la zahanati la ghorofa moja, mkataba wa bei ya jumla unaolipwa kwa hatua, bei ya mkataba 400,000,000 ya fedha yoyote utakayo. Mkataba ni wa kubuni, ila vifungu vyake ni vya aina utakayokutana nayo katika mikataba mingi.

Kwanza kusanya karatasi zote, na ujue ipi inaishinda ipi

Mkataba wa ujenzi ni furushi. Ndani yake kuna hati ya makubaliano, barua ya kukubaliwa zabuni, masharti mahususi, masharti ya jumla, viainisho vya kazi, michoro, orodha ya kiasi cha kazi, na mara nyingi kumbukumbu za mazungumzo yaliyofanyika kabla ya kusaini. Usianze kuchambua kabla ya kuwa nazo zote mezani, maana kifungu kinachokupa siku 28 kwenye masharti ya jumla huenda kimebadilishwa kuwa siku 45 kwenye masharti mahususi, na anayeshika kitabu kimoja tu hatajua.

Tafuta kifungu kinachotaja mpangilio wa kipaumbele wa nyaraka. Katika Kitabu Chekundu cha mwaka 1999, ambacho ni mkataba wa mfano wa ujenzi wa FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, kipo kwenye kifungu cha 1.5. Makubaliano ya mkataba hutangulia, ikifuata barua ya kukubaliwa, barua ya zabuni, masharti mahususi, masharti ya jumla, viainisho, michoro, kisha majedwali mengine. Mkataba wako unaweza kuwa na mpangilio tofauti. Uandike juu kabisa ya jedwali lako, kwa sababu utauhitaji kila mara karatasi mbili zinapogongana.

Mimi huanza na masharti mahususi, halafu ndipo nasoma masharti ya jumla huku nikifuta kwa kalamu kila kifungu kilichobadilishwa. Ukianza na masharti ya jumla utaingiza kwenye jedwali tarehe ambazo hazina nguvu, na kuzitoa baadaye ni kazi ngumu kuliko kutoziingiza.

Soma ukiwinda maneno, si vichwa vya habari

Usidanganywe na kichwa kinachosema "Malipo". Masharti yanayozuia malipo yametawanyika. Cheti cha bima kiko kwenye kifungu cha bima. Picha za maendeleo ya kazi ziko kwenye kurasa za utangulizi za orodha ya kiasi cha kazi, zile ambazo wengi huziruka kwa kuwa hazina vipimo. Michoro ya jengo kama lilivyojengwa imetajwa ndani ya viainisho, tena mwishoni mwa sehemu ya umeme, na bila michoro hiyo hati ya makabidhiano inaweza kukataliwa.

Kwa hiyo tafuta maneno yanayobeba wajibu na muda: "ndani ya siku", "kabla ya", "baada ya", "si zaidi ya", "mara tu", "kwa idhini ya", "atawasilisha", "atathibitisha", "isipokuwa", "hadi pale". Kama una faili la PDF, yatafute moja moja. Ila angalia kwanza kama faili lenyewe linatafutika, maana mikataba mingi iliyosainiwa huskaniwa kama picha na mashine haioni neno hata moja. Jaribu kwa kutafuta neno ambalo unaliona kwa macho kwenye ukurasa. Lisipopatikana, rudi kwenye karatasi na kalamu.

Kila sentensi utakayoikamata iweke kwenye moja ya mafungu matatu. La kwanza ni hatua, yaani hali ya kazi inayofikiwa, kama slabu kukamilika. La pili ni nyaraka za kuwasilisha, yaani kitu ambacho upande mmoja unampa mwingine, kama programu ya kazi, ripoti ya mwezi, matokeo ya maabara. La tatu ni sharti la malipo, yaani jambo ambalo lisipotokea fedha haitoki. Sentensi moja inaweza kubeba yote matatu, na hizo ndizo zinazotaka umakini.

Vunja sentensi moja hadi iishe

Tuchukue kifungu cha malipo ya slabu katika mfano wetu:

"Mkandarasi atastahili kulipwa asilimia 15 ya Bei ya Mkataba baada ya kukamilika kwa slabu ya ghorofa ya kwanza, kama itakavyothibitishwa kwa maandishi na Msimamizi wa Mradi, na baada ya kuwasilisha matokeo ya vipimo vya zege vya siku 28. Dai la malipo litawasilishwa tarehe 25 ya mwezi. Msimamizi wa Mradi atatoa hati ya malipo ndani ya siku 14 tangu kupokea dai, na Mwajiri atalipa ndani ya siku 28 tangu tarehe ya hati."

Mtu mwenye haraka ataandika: "Slabu, 15%, Machi." Sasa tuivunje.

Kuna hatua moja, nayo ni slabu kukamilika. Swali la kwanza ni kukamilika maana yake nini. Ni zege kumwagwa? Ni fomu na mirunda kuondolewa? Ngazi inayopanda ghorofani ni sehemu ya slabu au la? Kama mkataba hausemi, hapo pana shimo, na nitarudi kwenye mashimo ya namna hii mbele kidogo.

Kuna kitendo cha mtu mwingine, nacho ni Msimamizi wa Mradi kuthibitisha kwa maandishi. Akija saiti, akatazama, akatikisa kichwa na kusema "hapa pazuri", hajathibitisha. Mkataba haukumpa siku za kuthibitisha, kwa hiyo hakuna kinachomsukuma. Hapo wewe ndiye unayepaswa kuandika barua ya kuomba ukaguzi, na barua hiyo iwe na mstari wake kwenye jedwali ingawa mkataba haukuitaja.

Kuna karatasi moja, nayo ni matokeo ya vipimo vya siku 28. Kyubu za zege huvunjwa maabara siku ya 28 tangu kumwagwa, na siku hizo hazipunguzwi na mtu yeyote. Ikiwa slabu ilimwagwa kwa awamu tatu, kinachohesabika ni awamu ya mwisho. Kwa maneno mengine, kifungu hiki kimeweka siku 28 za kusubiri ndani ya sharti la malipo bila kuziita muda wa kusubiri.

Kisha kuna mlango unaofunguliwa mara moja kwa mwezi, tarehe 25. Ukiupita, unasubiri mwezi ujao. Na mwisho kuna saa mbili zinazofuatana: siku 14 za hati kuanzia dai kupokelewa, na siku 28 za malipo kuanzia tarehe ya hati.

Sasa tuhesabu kwa tarehe. Tuseme zege la mwisho lilimwagwa tarehe 3 Machi. Siku ya 28 ni tarehe 31 Machi. Mlango wa tarehe 25 Machi umeshafungwa, kwa hiyo dai linaingia tarehe 25 Aprili. Hati inaweza kutolewa hadi tarehe 9 Mei, na fedha inaweza kulipwa hadi tarehe 6 Juni bila mwajiri kuvunja mkataba. Ni siku 95 tangu zege lilipomwagwa, na hakuna hata mmoja aliyechelewa.

Sasa rudisha zege nyuma kwa siku 8 tu, limwagwe tarehe 23 Februari, Februari yenye siku 28. Kyubu zinavunjwa tarehe 23 Machi, maabara inatoa karatasi kesho yake, dai linaingia tarehe 25 Machi, hati hadi tarehe 8 Aprili, malipo hadi tarehe 6 Mei. Siku 8 za saiti zimeleta mwezi mzima kwenye akaunti. Huu ndio ujuzi ambao meneja wa saiti anautaka kwenye jedwali lake. Akiuona mapema Februari, anaweza kuamua kuongeza mafundi wa nondo kwa wiki moja, na anajua kwa nini gharama hiyo inalipa. Asipouona, atamwaga zege tarehe 3 Machi akidhani yuko vizuri na programu yake.

Jedwali lenyewe: mabamba mawili yanatosha

Nimeona majedwali yenye safu thelathini, na yote yalikufa ndani ya miezi miwili kwa sababu hakuna mwenye muda wa kuyajaza. Tengeneza mabamba mawili tu, yaani kurasa mbili za Excel, kwenye faili moja: moja la wajibu na nyaraka, jingine la malipo.

Bamba la wajibu lina mstari mmoja kwa kila jambo moja. Usiunganishe mambo mawili kwenye mstari mmoja hata kama mkataba umeyaunganisha, kwa sababu moja likitimia na jingine bado hutajua uandike nini. Safu zake ni hizi: A ni namba, B kifungu na ukurasa, C jambo lenyewe kwa maneno ya mkataba, D nani anapaswa kulifanya, E tukio linaloanzisha siku, F tarehe tukio hilo lilipotokea, G idadi ya siku, H tarehe ya mwisho, I ushahidi, J tarehe lilipofanyika, K hali.

Safu ya E na F ndizo moyo wa jedwali. Mkataba mara nyingi haukupi tarehe. Unakupa tukio na idadi ya siku. Kwa hiyo H usiiandike kwa mkono kamwe. Iache ijihesabu:

```
=IF(F2="","",F2+G2)
```

Na K ijiandike yenyewe:

```
=IF(J2<>"","Imefanyika",IF(H2="","Inasubiri tukio",
IF(H2<TODAY(),"Imepitwa",IF(H2-TODAY()<=7,"Wiki hii","Bado"))))
```

Baadhi ya kompyuta hutaka nukta mkato badala ya mkato kati ya sehemu za fomula. Ikikataa, badilisha hilo kabla ya kutafuta kosa lingine.

Hali ya "Inasubiri tukio" ina maana kubwa kuliko inavyoonekana. Mstari ukikaa hapo, hukumbushwi chochote. Kwa hiyo kila wiki chuja mistari hiyo na ujiulize kama tukio halijatokea kweli, au limetokea na hakuna aliyeandika tarehe. Barua imefika ofisi kuu tarehe 4, imeletwa saiti tarehe 11, na siku zimekuwa zikihesabiwa tangu tarehe 4. Ndiyo maana kila barua inayoingia lazima igongwe mhuri wa tarehe ya kupokelewa, na tarehe hiyo ndiyo inayoingia safu ya F.

Kabla ya kuamini hesabu yoyote, soma tafsiri ya neno "siku" kwenye mkataba. FIDIC ya 1999 inasema siku ni siku ya kalenda, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Mikataba mingine inasema siku za kazi. Ikiwa ni siku za kazi na mapumziko ya wiki ni Jumapili peke yake, orodhesha sikukuu kwenye bamba liitwalo Sikukuu, kisha tumia:

```
=IF(F2="","",WORKDAY.INTL(F2,G2,11,Sikukuu!$A$2:$A$40))
```

Namba 11 inamaanisha Jumapili ndiyo siku pekee ya mapumziko. Kwa Jumamosi na Jumapili weka 1. Mkataba ukichanganya aina zote mbili za siku, na wapo wanaofanya hivyo, taja aina kwenye mstari husika badala ya kudhani.

Bamba la malipo

Hapa kila hatua ya malipo ina mstari wake, na kila sharti lina safu yake ya tarehe. Kwa slabu yetu: A ni hatua, B asilimia, C tarehe kazi ilipokwisha, D tarehe ya uthibitisho wa maandishi, E tarehe ya matokeo ya maabara, F tarehe masharti yote yalipotimia, G tarehe ya dai, H mwisho wa kutoa hati, I mwisho wa kulipa.

F haitakiwi kuonyesha chochote mpaka tarehe zote tatu ziwepo:

```
=IF(COUNT(C2:E2)<3,"",MAX(C2:E2))
```

Faida nyingine ya `COUNT` ni kwamba haihesabu maandishi. Mtu akiandika "31 Machi" na kompyuta ikaichukua kama neno badala ya tarehe, F itabaki tupu na utashtuka. Dalili nyingine ya tarehe iliyogeuka neno ni kwamba hukaa upande wa kushoto wa kisanduku, wakati tarehe halisi hukaa kulia.

G inatafuta mlango wa tarehe 25 unaofuata:

```
=IF(F2="","",DATE(YEAR(F2),MONTH(F2)+IF(DAY(F2)>25,1,0),25))
```

H ni `=IF(G2="","",G2+14)` na I ni `=IF(H2="","",H2+28)`. Wakati wa kupanga, jaza C hadi E kwa tarehe unazotarajia na uzipake rangi ya kijivu. Tukio likitokea, andika tarehe halisi na uondoe rangi. Ukitazama tu rangi unajua sehemu gani ya mnyororo ni makadirio na ipi imeshatokea. Dai likipokelewa tarehe nyingine na siyo ile iliyohesabiwa, futa fomula ya G na uandike tarehe iliyo kwenye nakala yenye mhuri. Hati nayo ikitoka mapema, andika tarehe yake kwenye H, kwa sababu siku 28 zinaanzia hapo.

Hapa pana kosa ambalo nataka ulikwepe. Usidhani kila mkataba unaunganisha saa hizi mbili mkia kwa kichwa kama mfano wetu. Katika Kitabu Chekundu cha FIDIC cha 1999, Mhandisi ana siku 28 za kutoa hati ya malipo ya muda, na mwajiri ana siku 56 za kulipa, lakini siku 56 zinahesabiwa tangu Mhandisi alipopokea dai na vielelezo vyake. Zile 28 ziko ndani ya 56. Anayezijumlisha anapata 84, anamwambia bosi wake asubiri karibu mwezi mmoja zaidi ya ulioandikwa, na mwajiri anachelewa bila mtu kumwandikia. Kwa mkataba wa namna hiyo, I inahesabiwa kutoka G, siyo H. Ndiyo maana nasisitiza safu ya "tukio linaloanzisha siku" iandikwe kwa maneno ya mkataba, siyo kwa kumbukumbu.

Ongeza safu za fedha pia, maana asilimia 15 siyo kitakachoingia benki. Bei ya mkataba ni 400,000,000, hivyo slabu ni 60,000,000. Mkataba wetu ulitoa malipo ya awali ya asilimia 20, yaani 80,000,000, yanayorejeshwa kwa kukata asilimia 20 ya kila hati. Hapo inatoka 12,000,000. Fedha za zuio, zinazoshikiliwa kama kinga dhidi ya kasoro, ni asilimia 10 ya kila hati mpaka zifike asilimia 5 ya bei ya mkataba. Inatoka 6,000,000. Kinachobaki ni 42,000,000 kabla ya kodi. Meneja aliyeahidi wauza nondo kwamba 60,000,000 inakuja amejipalia makaa.

Angalia vizuri ukomo wa zuio. Asilimia 5 ya bei ni 20,000,000, na kwa makato ya asilimia 10 itafikiwa pale hati zitakapojumlika 200,000,000. Kuanzia hapo hakuna anayepaswa kukata zuio tena. Weka safu ya jumla ya zuio lililokatwa, la sivyo utakatwa zaidi na hakuna atakayekwambia.

Masharti yanayofunga malipo yote

Yapo masharti ambayo hayahusu hatua moja, bali yanafunga fedha yote. Dhamana ya utekelezaji ndiyo maarufu. FIDIC ya 1999 inasema hakuna kiasi kitakachoidhinishwa wala kulipwa mpaka mwajiri awe amepokea dhamana hiyo na kuikubali. Inasema pia kwamba Mhandisi halazimiki kutoa hati ikiwa kiasi chake, baada ya makato, ni kidogo kuliko kiwango cha chini kilichotajwa kwenye kiambatisho cha zabuni. Mikataba mingine inafunga malipo mpaka programu ya kazi iwe imewasilishwa au bima iwe hai.

Yaweke juu kabisa ya bamba la malipo, kila moja na tarehe yake ya kuisha. Dhamana ya benki na bima zina tarehe za mwisho zilizopangwa kulingana na muda wa awali wa mkataba. Mradi ukiongezewa miezi mitatu, karatasi hizo haziongezeki zenyewe. Tengeneza mstari wa ukumbusho siku 45 kabla ya kila moja kuisha, kwa sababu benki na kampuni ya bima nazo zina taratibu zao, na mwenye kuzifuatilia ni ofisi kuu ambayo haioni jedwali lako usipoipelekea.

Kwenye kundi hilo hilo weka taarifa unazopaswa kutoa wewe. Ile ya hatari zaidi ni taarifa ya madai ya muda au fedha. Chini ya kifungu cha 20.1 cha FIDIC ya 1999 inatakiwa itolewe ndani ya siku 28 tangu mkandarasi alipojua, au alipopaswa kujua, juu ya tukio. Zikipita, haki ya kuongezewa muda au malipo kwa tukio hilo inapotea. Huwezi kuweka mstari wa tukio ambalo halijatokea, kwa hiyo weka mstari tupu wenye kifungu, siku 28, na nafasi ya tarehe. Michoro ikichelewa au eneo likikosekana, unanakili mstari huo, unajaza tarehe siku hiyo hiyo, na siku zinaanza kuhesabika mbele ya macho yako.

Mashimo: mahali mkataba umenyamaza

Rudi sasa kwenye swali la "kukamilika kwa slabu". Ukikutana na neno lisilo na mpaka, usijichagulie maana na kuifungia ndani ya kisanduku cha Excel. Jedwali lako halimfungi mtu yeyote. Lipake rangi nyekundu, andika maana mbili zinazowezekana, kisha peleka kwa mkadiria ujenzi na kwa bosi wako. Wakishakubaliana juu ya maana inayoeleweka, andika barua fupi kwa Msimamizi wa Mradi, mapema kabla kazi hiyo haijaanza:

"Kuhusu kifungu cha malipo ya hatua ya tatu, tunaelewa kwamba slabu ya ghorofa ya kwanza itahesabika kukamilika pale zege lote la slabu na boriti zake litakapokuwa limemwagwa na fomu za pembeni kuondolewa. Ngazi haimo katika hatua hii kwa kuwa imetajwa katika hatua ya tano. Tunaomba uthibitisho wako."

Akijibu, namba ya barua yake inaingia safu ya kifungu pamoja na kifungu chenyewe. Asipojibu, una mstari wa kufuatilia. Kuuliza kabla ya zege ni rahisi. Ukiuliza baada ya kupeleka dai, kila upande utasoma neno lilelile kwa faida yake.

Mashimo ninayoyaona mara nyingi ni paa (je, mifereji ya maji imo?), umeme wa awali (mabomba ya ukutani tu, au na nyaya?), na "kukamilika kwa kiasi kikubwa", ambapo hakuna anayejua kasoro ngapi zinavumilika. Hili la mwisho ni zito kwa sababu hati ya makabidhiano inasimamia mambo matatu kwa pamoja: inasimamisha fidia ya ucheleweshaji, inaachia nusu ya zuio katika mikataba mingi, na inaanzisha kipindi cha matazamio, ambapo mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro. Lipe mistari yake kamili: ombi la makabidhiano, ukaguzi wa pamoja, orodha ya kasoro, michoro ya jengo kama lilivyojengwa, vitabu vya matumizi ya mitambo, kisha hati yenyewe.

Kuhakiki, halafu kuliendesha

Ukimaliza kujaza, jumlisha safu ya asilimia kwenye bamba la malipo. Isipotimia 100, umeruka hatua au mkataba wenyewe una kosa, na yote mawili ni mambo ya kujua leo. Kisha mpe mwenzako mkataba na jedwali, umwombe achague kurasa kumi zozote na atafute wajibu ambao haupo kwenye jedwali. Akipata hata mmoja wenye tarehe, pitia tena nyaraka hiyo yote.

Kwa kulitumia, siku moja ya wiki inatosha, kabla ya kikao cha saiti. Chuja "Imepitwa" na "Wiki hii", kisha tazama "Inasubiri tukio" kama nilivyoeleza. Halafu fungua bamba la malipo na utafute hatua ambayo C ina tarehe halisi lakini D au E bado ni kijivu. Hiyo ni kazi iliyofanyika, iliyokula saruji na nondo, ambayo haijaweza kudaiwa. Mara nyingi kilichobaki ni barua moja ya kuomba ukaguzi au safari moja ya maabara.

Muda ukiongezwa rasmi, usifute tarehe za zamani. Ongeza safu ya "tarehe ya awali" na uhifadhi humo tarehe ya kwanza, ukitaja barua iliyobadilisha. Amri ya mabadiliko ya kazi nayo ipe mstari mpya kwenye bamba la malipo badala ya kuichanganya ndani ya hatua iliyopo, maana mara nyingi ina bei yake na utaratibu wake wa kuidhinishwa, na ukiichanganya hatua nzima itasubiri mjadala wa sehemu ndogo.

Mstari wa mwisho wa bamba la wajibu ni nusu ya pili ya zuio, ambayo katika mfano wetu ni 10,000,000. Tukio lake ni kuisha kwa kipindi cha matazamio, siku 365 tangu tarehe ya hati ya makabidhiano, na ushahidi wake ni hati kwamba kasoro zote zilizotajwa zimerekebishwa. Wakati huo wewe utakuwa saiti nyingine. Kwa hiyo siku ya makabidhiano weka kwenye safu ya D jina la cheo cha mtu wa ofisi kuu atakayeufuatilia, mpelekee faili pamoja na orodha ya kasoro, na umwekee ukumbusho wa siku 30 kabla ya tarehe hiyo ili aombe ukaguzi wa pamoja wakati mafundi bado wanaweza kurudi kurekebisha.